Uko Wapi, Unahamia Wapi: Mstari Mdogo Unaoamua Nani Aitwe Usaili

Ofisa rasilimali watu wa kampuni ya Dar es Salaam anayetafuta mhasibu kupitia LinkedIn hasomi wasifu wa kila mhasibu wa Tanzania. Hufungua ukurasa wa kutafuta watu, huandika cheo, huandika miaka ya uzoefu, kisha hujaza sehemu ya mahali. Akishaandika Dar es Salaam, orodha hupungua papo hapo. Mhasibu aliyeko Mwanza, hata kama ana sifa zote na ameshaamua kuhama, anaweza kuwa ameondoka kwenye orodha kabla jina lake halijasomwa na mtu yeyote. Hakukataliwa. Hakuonekana tu.

Ndiyo maana watu wenye sifa nzuri hukaa miezi wakituma maombi kwenda mji mwingine bila kupigiwa hata simu moja, wakaishia kuamini kwamba kazi zina wenyewe. Wakati mwingine ni kweli zina wenyewe. Lakini mara nyingi tatizo liko kwenye mstari mmoja wa wasifu ambao mwombaji aliujaza haraka siku ya kufungua akaunti na hakuurudia tena.

Mstari huo unabeba mambo matatu ambayo waombaji wengi huyachanganya. La kwanza ni mahali mtu alipo leo. La pili ni mahali anapotaka kwenda, na lini. La tatu ni kama sheria inamruhusu kufanya kazi huko. Mwajiri anayahitaji yote matatu, na anayahitaji kila moja peke yake, kwa sababu kila moja lina gharama yake. Anayeandika jambo moja kana kwamba ni jingine hujifungia mlango, au hufunguliwa mlango ambao hawezi kuuingia.

Tuchukue mfano. Mhasibu wa Mwanza ana cheti cha CPA(T) kutoka Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na amefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kusindika samaki. Mume wake amehamishiwa Dar es Salaam. Familia inataka kukaa pamoja, hivyo mama huyu anatafuta kazi huko, na akipata nzuri Nairobi hataikataa. Katika akaunti yake ya LinkedIn mahali pameandikwa Mwanza. Afanye nini?

Ushauri anaoupata kwa marafiki ni mwepesi: badilisha, andika Dar es Salaam, mambo mengine yatajipa. Ushauri huo una mantiki yake, na si haki kuupuuza. Akiandika Dar es Salaam ataanza kuonekana kwenye utafutaji wa waajiri wa huko tangu siku ya kwanza. Shida inaanza simu inapoita. Ni Jumatano jioni, sauti upande wa pili inasema, "Dada, tunakuhitaji Ijumaa saa nne asubuhi, ofisini kwetu Posta." Kati ya Mwanza na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilometa 1,000 za barabara. Inabidi aombe ruhusa kazini usiku huohuo na kukata tiketi ya ndege ya dharura, au apande basi alfajiri, afike amechoka, kisha aoge na kuingia usaili. Akiomba kusogezewa siku, lazima aeleze kwa nini mkazi wa Dar es Salaam anahitaji siku nne kufika Posta.

Hata akifika, wasifu wake wenyewe unamsuta. Juu pameandikwa Dar es Salaam, mistari mitatu chini pameandikwa kwamba kazi anayoifanya hadi leo iko Mwanza. Msaili yeyote makini atauliza, na jibu lolote atakalotoa litasikika kama la mtu aliyeficha kitu, ingawa hakuwa na sababu yoyote ya kuficha. Kwa mhasibu, ambaye anaajiriwa kwanza kwa kuaminika na ndipo kwa hesabu, hilo ni doa baya kuliko umbali.

Kuna wakati ambapo kubadilisha mahali ni halali kabisa: pale kuhama kunapokuwa na tarehe na nafasi ya kukaa. Kama nyumba imeshalipiwa kodi, au mume yuko huko na mke anaweza kufika ndani ya siku moja au mbili bila kumwomba mwajiri chochote, basi Dar es Salaam ni makazi yake kwa maana inayomhusu mwajiri. Hapo kinachobaki ni kueleza wazi kwamba kazi ya sasa iko Mwanza na anaimaliza lini. Ambaye bado anasubiri kuona kama atapata kazi ndipo ahame, huyo ni mkazi wa Mwanza, na aandike Mwanza.

Je, akiandika Mwanza hatabaki gizani? Hapa ndipo sehemu ya pili ya akaunti inapoingia, ambayo wengi hawaijazi. Katika LinkedIn, mahali pa kuishi hujazwa kwenye utangulizi wa wasifu. Mahali pa kufanyia kazi hujazwa pengine kabisa, kwenye kitufe cha "Open to" kilicho chini ya picha, ndani ya chaguo la kutafuta kazi mpya. Humo mtu huandika vyeo anavyovitaka, huchagua kama anataka kazi ya ofisini, ya mchanganyiko au ya mbali, kisha huandika miji anayoitaka. Miji hiyo haina sharti la kufanana na mji anaoishi. Mhasibu wetu ataandika Dar es Salaam na Nairobi. Pia ataulizwa kama yuko tayari kuanza mara moja au anatazama tu, na hapo ajibu kwa dhati, kwa sababu waajiri husoma jibu hilo.

Upande wa mwajiri, chombo cha kulipia kinachotumiwa na maofisa wa ajira ndani ya LinkedIn kina kichujio cha mahali chenye njia zaidi ya moja. Mwajiri anaweza kutafuta watu wanaoishi mjini pekee, au walio tayari kuhamia hapo pekee, au wote kwa pamoja. Mwenye akaunti ya Mwanza aliyeandika Dar es Salaam kama mji anaoutaka huonekana katika njia hizo mbili za mwisho. Asiyejaza sehemu hiyo hukosekana katika zote tatu, hata kama ameandika kwenye maelezo yake kwamba yuko tayari kuhama. Kichujio hakisomi maelezo. Kinasoma visanduku.

Njia hii ina mipaka yake. Mwajiri mwenye haraka atachagua wakazi wa mjini pekee, na mhasibu wa Mwanza hatamwona huyo hata afanyeje. Waajiri wengi wadogo hawana kabisa chombo hicho cha kulipia. Hutafuta kwa kisanduku cha kawaida au husubiri maombi ya walioona tangazo. Kwa hao kinachosaidia ni mstari wa utambulisho ulio chini ya jina, ambao kila anayepita huuona. Badala ya kuandika cheo tu, aandike cheo na safari yake: "Mhasibu CPA(T), viwanda na mauzo ya nje. Nahamia Dar es Salaam mwezi Februari." Mstari huo una tarehe na unakoelekea, na hauombi huruma.

Tuseme pia juu ya siri, maana Mwanza si mji mkubwa kiasi cha habari kutofika kwa bosi. LinkedIn huuliza taarifa ya kutafuta kazi ionekane na nani. Ukichagua "All LinkedIn members", picha yako huzungushiwa duara la kijani na kila mtu anajua, akiwemo bosi. Ukichagua "Recruiters only", wanaoona ni wale wenye chombo cha kuajiri, na LinkedIn hujaribu kuwaficha walio katika kampuni yako ya sasa. Kampuni yenyewe husema haiwezi kuhakikisha siri kamili. Zaidi ya hapo, wakala wa nje anayefanya kazi na mwajiri wako si mfanyakazi wa kampuni yako, na anaweza kuona. Mwenye mkataba unaokaribia kuongezwa afikirie hilo kabla ya kubonyeza. Anayehama kwa sababu ya familia mara nyingi hupata nafuu akimwambia bosi mapema, kwani kampuni yenye ofisi Dar es Salaam inaweza hata kumhamisha yenyewe.

Wasifu wa karatasi nao unataka marekebisho. Sivii nyingi za kwetu bado zinaanza na sanduku la posta, wilaya ya kuzaliwa na dini, mambo ambayo mwajiri wa leo hayatumii kuamua. Sanduku la posta la Mwanza juu ya ukurasa linasema jambo moja tu: mtu huyu yuko mbali. Mstari bora ni mfupi na una pande zote mbili: mji aliopo, mji anaohamia, na mwezi. Simu iandikwe kwa +255 badala ya kuanza na sifuri, kwa sababu aliye Nairobi akipiga 07 na kuendelea simu haitamfikia.

Halafu barua ya maombi. Hapa ndipo mwombaji anaweza kumwondolea mwajiri hofu zake, na hofu hizo ni za kawaida: atahama kweli, au anajaribu bahati tu? Nani atalipia safari? Ataweza kuanza lini? Aya moja inatosha. Mhasibu wetu anaweza kuandika hivi: "Kwa sasa naishi Mwanza. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam na familia inahamia huko mwezi Februari. Naweza kufanya usaili wa kwanza kwa njia ya video siku yoyote, na kufika ofisini kwenu nikipewa taarifa ya siku tatu. Notisi yangu ni siku 28." Siku hizo 28 hazikubuniwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ndiyo inayoweka kiwango hicho cha chini kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini. Mwajiri akisoma aya hiyo anaweza kuchukua kalenda na kuhesabu.

Linganisha na sentensi inayojaa kwenye barua nyingi: "Niko tayari kufanya kazi mahali popote." Anayeiandika anadhani anajiongezea nafasi. Anayeisoma anaona mtu ambaye hajaamua, na anamweka chini ya yule aliyetaja mji na mwezi. Sentensi hiyo ina maana katika sehemu moja tu, yaani ajira za serikali, ambako mwajiriwa hupangiwa kituo.

Na huko serikalini mahali pana kazi nyingine kabisa. Katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ule unaoitwa Ajira Portal, mkoa na wilaya anayoishi mwombaji kwa sasa vimetumika kumpangia mkoa wa kufanyia usaili, kama ilivyokuwa kwa walimu. Mwombaji aliyejaza mkoa wa chuo alichosoma, kisha akarudi nyumbani bila kuhuisha taarifa zake, anaweza kujikuta amepangiwa kufanya mtihani mamia ya kilometa kutoka alipo. Kabla ya usaili hutolewa matangazo ya kuwataka waombaji wahuishe makazi yao. Yasomwe na yafuatwe siku hiyohiyo.

Mambo hubadilika mpaka unapovukwa. Mhasibu wetu anapoomba kazi Nairobi, fomu ya mtandaoni humuuliza maswali mawili yanayofanana lakini si mamoja: kama ana idhini ya kisheria ya kufanya kazi Kenya, na kama atahitaji mwajiri amwombee kibali sasa au baadaye. Watu wengi hapa huteleza kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Mtanzania huingia Kenya bila viza. Ila kuingia si kufanya kazi. Kwa mkataba wa muda mrefu bado anahitaji kibali cha kazi. Kwa hiyo jibu la kweli la swali la kwanza ni hapana, na la pili ni ndiyo.

Majibu hayo yanaweza kumtoa kwenye orodha bila mtu kuyasoma, maana fomu nyingi zimepangwa kumwondoa moja kwa moja aliyejibu hivyo. Inauma. Lakini kujibu kinyume hakumsaidii, kwani ukweli utatoka siku ya kuombwa nakala ya kibali, na wakati huo ofa inafutwa kwa sababu ya kusema uongo, jambo linalobaki kwenye kumbukumbu za kampuni. Kama fomu ina nafasi ya maelezo, aandike: "Raia wa Tanzania, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nitahitaji kibali cha kazi." Kama haina, amtafute ofisa wa ajira na kumwandikia ujumbe mfupi wenye maelezo hayohayo. Na achague waajiri ambao umbo la kazi yao linamhitaji mtu kama yeye: kampuni ya Kenya yenye tawi Tanzania ina sababu ya kumwombea kibali mhasibu anayejua kodi za Tanzania. Kampuni ya Nairobi inayouza Nairobi pekee haina sababu hiyo, na yeye asipoteze wiki zake huko.

Saa nazo zinahusika. Nairobi na Mwanza ziko saa moja, Kigali iko nyuma kwa saa moja, Dubai iko mbele kwa saa moja. Mwaliko wa usaili kutoka Kigali ukisema 10:00, kwa aliye Mwanza ni 11:00, yaani saa tano asubuhi kwa saa za Kiswahili. Kuna waliokosa usaili wa video kwa kuhesabu vibaya hapo, na wanaowaita hawakurudia. Katika kujibu, mtu aandike saa kwa tarakimu na ataje mji.

Kwa Ghuba, desturi ni nyingine. Huko wasifu huwa na mstari wa hali ya viza: ya matembezi, ya kazi, au ya mtegemezi wa mwanafamilia, pamoja na tarehe inapokwisha. Mwajiri wa Dubai huusoma mapema kwa sababu unamwambia itachukua muda gani kumpata mtu kazini. Aliye Dar es Salaam au Mombasa akiandika kwamba yuko Dubai ili aonekane, wanaomtafuta kwanza mara nyingi ni madalali, na wa kwao huja na ombi la fedha za "kushughulikia viza". Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Viza ya matembezi pia haimruhusu mtu kufanya kazi, na anayeambiwa "njoo kwa matembezi, tutabadilisha huku" anabebeshwa hatari yote peke yake. Akatae.

Turudi kwa mhasibu wa Mwanza, kwa sababu kuna jambo moja la mwisho ambalo wanaobadilisha mahali kiholela hawalijui, nalo lina fedha ndani yake. Sheria ileile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira, na miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuandikwa ni mahali alipoajiriwa, kando na mahali pa kazi. Hiyo haikuwekwa kujaza karatasi. Mkataba ukivunjwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko, au kugharamia usafiri wake, au kumpa posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na mahali hapo, pamoja na fedha za kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa.

Kesi za madai haya hufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kinachobishaniwa mara nyingi ni swali moja: huyu aliajiriwa wapi? Aliyeomba kazi kama mkazi wa Dar es Salaam, akaandika anwani ya Dar es Salaam na kusaini mkataba unaosema aliajiriwa Dar es Salaam, ameshajibu swali hilo dhidi yake mwenyewe. Aliyeomba akiwa Mwanza, akaitwa akiwa Mwanza na kuhifadhi barua pepe zinazoonyesha hivyo, ana ushahidi mkononi.

Kwa hiyo mhasibu wetu atakapopewa mkataba, kabla ya kutazama mshahara atafute mstari wa mahali alipoajiriwa. Ukiwa umeandikwa Dar es Salaam wakati alitafutwa na kuitwa akiwa Mwanza, aombe urekebishwe kabla ya kusaini, kisha aweke nakala ya mkataba pamoja na barua ya kuitwa usaili mahali ambapo atazipata hata baada ya miaka.